Picha za Simu Sio Kontinuiti

Kuna jibu moja nimelisikia kwa seti nyingi mpaka nalijua kabla halijatoka mdomoni: "Si tutapiga tu picha na simu?" Prodyusa akiulizwa ni nani atashika kontinuiti, ndivyo anajibu. Halafu kazi inapewa kijana yeyote mwenye simu nzuri, mara nyingi yule yule anayebeba maji na kupokea waigizaji getini. Jioni ana picha mia tatu. Kesho yake mwelekezi anauliza, "Huyu dada kwa onyesho la 9 alikuwa na sweta ama hana?" Kijana anaanza kupekua gelari na kidole, watu wamesimama, jua linaenda.

Mimi sina shida na picha, hata mimi hupiga. Shida ni kwamba picha inakuonyesha kitu kilikaaje wakati mlikuwa mnapiga. Haijui hiyo ilikuwa siku gani ndani ya hadithi. Na kazi yote ya kontinuiti iko hapo, katikati ya hizo kalenda mbili: kalenda ya hadithi na kalenda ya kupiga.

Kwa wale hawajawahi kusimama kwa seti, hadithi haipigwi vile inatazamwa. Kama nyumba imekodishwa kwa siku moja, maonyesho yote ya hiyo nyumba yanapigwa siku hiyo, hata kama moja ni mwanzo wa filamu na lingine ni karibu na mwisho. Ndani ya siku hiyo pia hamfuati namba, mnafuata mwanga. Ya asubuhi asubuhi, ya alasiri alasiri, ya usiku mwisho. Hakuna ujanja hapo, ni pesa tu. Lakini maana yake ni kwamba mwigizaji anaweza kupona kidonda saa nane mchana halafu aumie saa mbili usiku.

Sitii chumvi. Nitawaeleza filamu moja fupi nilishika daftari, ya dakika kumi na mbili hivi, maonyesho 14, siku tatu za kupiga. Hadithi ni ya dada anauza mitumba Gikomba, anaishi na mamake ploti fulani Eastlands. Jumatatu jioni akitoka kazini anagongwa na mkokoteni barabarani, anapasuka juu ya nyusi. Usiku mama anamwosha na kumbandika plasta. Asubuhi ya Jumanne wanakunywa chai wakibishana kuhusu kodi. "Siku chache baadaye" mwenye ploti anakuja. Usiku huo stima zimekatwa, wanaongea na mshumaa.

Angalieni hayo maneno "siku chache baadaye". Kwa msomaji yanatosha. Kwa daftari langu hayatoshi hata kidogo, kwa sababu kidonda cha siku mbili na cha siku nne si kitu kimoja. Cha siku mbili bado kina plasta, cha siku nne kina kigaga. Ndiyo maana kazi yangu huanza nyumbani kabla ya kamera kutoka kwa begi. Nasoma skripti yote, halafu naisoma tena nikiwa na penseli, na kila onyesho nalipa siku yake: S1 ni mchana wa siku ya kwanza ya hadithi, U1 ni usiku wake, S2 ni siku inayofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mwandishi huandika tu "NDANI, NYUMBANI, ASUBUHI". Asubuhi ya lini? Unatafuta dalili kwa mazungumzo. Mtu akisema "jana", umepata. Akisema "kodi imepita siku tatu", umepata nusu. Usipopata, unampigia mwandishi simu, na mkikubaliana unaandika.

Hapo tulikubaliana mwenye ploti anakuja Ijumaa. Jumatatu ikiwa S1, Ijumaa ni S5. Uamuzi wa dakika tano kwa simu, lakini ndio ulimwambia mtu wa mekapu atengeneze nini na mtu wa mavazi afue nini. Ikiwa ni S5, leso ya mama haiwezi kuwa ile ile imefungwa vile vile. Ikiwa ni S2, inaweza.

Sasa siku ya nyumba. Maonyesho ya ndani yalikuwa 1, 6, 7, 12 na 13. Tuliyapiga hivi: 1 (S1 asubuhi), 7 (S2 asubuhi), 12 (S5 alasiri), 6 (U1), 13 (U5). Fuateni uso wa huyo dada kwa huo mpangilio. Kwanza hana kitu. Halafu ana plasta safi. Halafu kigaga. Halafu damu mbichi. Halafu kigaga tena. Na onyesho la 4, lile la kugongwa lenyewe, lilikuwa halijapigwa, lilikuwa la kesho.

Hii ndiyo kitu watu hawaoni. Kidonda kilizaliwa kwa kiti cha mekapu asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ya ajali yake. Popote tulipokiweka ndipo ajali ingelazimika kukipata. Kwa hivyo daftari liliandikwa hivi:

"On. 7, S2. Kidonda: kushoto KWAKE, juu ya nyusi, sentimita 2, kimelala kuelekea sikio. Mwanzo wake kidole kimoja kutoka ncha ya nje ya nyusi. Plasta: ya kahawia, imelala sawa na nyusi, ncha zote zimeshika. Uvimbe kidogo, hakuna damu."

Hilo neno KWAKE kwa herufi kubwa si urembo. Kwa seti kuna kushoto mbili, ya mwigizaji na ya kamera, na akiangalia kamera hizo mbili zinapingana. Mimi huandika kila kitu cha mwili kwa upande wa mwigizaji, na kila kitu cha chumba kwa upande wa kamera, na hiyo sheria naiandika ukurasa wa kwanza ili mtu akishika daftari nikiwa msalani asipotee.

Siku ya pili tukaenda barabarani. Mtu wa mekapu alikuwa ameweka kumbukumbu yake mwenyewe kwa simu, selfi akiwa na mwigizaji shavu kwa shavu. Picha safi kabisa. Lakini kuna simu zinahifadhi selfi kama kioo, kulia inakuwa kushoto. Kwa hiyo picha kidonda kilikuwa kulia. Na kwa sababu upande wa kushoto wa hiyo barabara kulikuwa na mtaro, mwelekezi alikuwa tayari amepanga mkokoteni uje kutoka kulia. Kila kitu kilikuwa kinakubaliana: picha, mtaro, mpango. Ungekuwa umesimama hapo ungeapa ni sawa.

Nikamwonyesha daftari. Tukafungua shoti ya onyesho la 7 kwenye kamera kuhakikisha, kushoto kwake. Suluhisho halikuwa gumu, tulimgeuza dada atembee kutoka upande ule mwingine wa barabara, mtaro ukabaki kulia kwake. Ilikula kama dakika arobaini kwa sababu kamera nayo ilibidi ihame na kuna waya za stima zilikuwa zinaingia kwa fremu. Dakika arobaini. Pima hiyo na kurudi kukodisha nyumba tena kwa 15,000, kuita mama, kuita mwenye ploti, kuita taa. Na hapo ni kama nyumba bado ingepatikana, kwa sababu wiki hiyo hiyo ilipata mpangaji.

Kitu kingine kuhusu hiyo plasta. Kwa hadithi, mama anaibandika kwa onyesho la 6, halafu tunaiona kwa onyesho la 7. Lakini sisi tulikuwa tumepiga la 7 asubuhi, plasta imelala sawa. Usiku tukipiga la 6, mama, mwigizaji mzuri sana, mikono inatetemeka kama ya mzazi wa kweli, akaibandika imepinda, ncha moja imeinuka. Teki ilikuwa tamu, watu wote kimya.

Hapo mtu wa kontinuiti anafanya nini? Kuna wale wanapiga kelele "kata!" na kuharibia kila mtu. Hapana. Unangoja mwelekezi akate mwenyewe, unaenda karibu naye, unamwambia kwa sauti ya chini: "Asubuhi ilikuwa sawa, sasa imepinda." Halafu unanyamaza, kwa sababu uamuzi ni wake. Anaweza kuamua hakuna atakayeona. Anaweza kuamua usiku mtu anaweza kuirekebisha, watu hulala na plasta, hubadilisha plasta. Huyu aliomba teki moja zaidi: mama anaibandika vibaya vile vile, anaiangalia, anainua ncha na kuilaza tena sawa. Sasa plasta ya 7 ina sababu yake. Mimi niliandika: "On. 6, teki ya 4, plasta inaishia SAWA, inaunga na 7. Teki ya 3 nzuri kwa uigizaji lakini plasta imepinda, ikitumika ikatwe kabla ya mkono kutoka usoni." Hiyo sentensi ya mwisho ni ya mhariri. Yeye hakuwa kwa seti, anaona tu faili.

Tukija kwa wakati wa siku, hapa Kenya tuna balaa yetu ya kipekee. Skripti ilikuwa imeandikwa na mtu anachanganya lugha kama sisi wote, na kwa onyesho la 7 aliandika "saa ya ukutani inaonyesha 2:00 asubuhi". Kijana wa vifaa akaweka mshale kwa mbili. Kumbe mwandishi alimaanisha saa mbili, yaani mshale mfupi uko kwa nane. Mama kwa mazungumzo anasema "saa mbili hii, utachelewa", na nyuma yake ukutani saa inasema saa nane. Ya mchana ama ya usiku, chagua. Tuliiona wakati wa mazoezi kabla ya kupiga kwa sababu kwa daftari langu saa huandikwa mara mbili, vile inasemwa na vile mshale unakaa: "saa mbili asubuhi / 08:00". Kama unaandika skripti na unasoma hapa, tafadhali fanya hivyo, inasaidia kila mtu mpaka dereva.

Na saa ya ukutani itolewe betri. Onyesho la dakika mbili linaweza kuchukua saa mbili kupigwa, shoti pana kwanza, halafu ya karibu ya mama, halafu ya karibu ya dada. Saa ikiendelea kutembea, mhariri akikata kutoka kwa mama kwenda kwa dada anaruka dakika tisini, akirudi anarudi nyuma. Bila betri unaweka mshale unavyotaka, na kila mkibadilisha onyesho unauweka upya. Simu kwa meza nayo ilazwe kifudifudi. Televisheni izimwe isipokuwa hadithi inaitaka.

Jua halina betri ya kutoa. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu, linacheza dakika chache tu huku na huku. Hiyo ni raha kwa kupanga ratiba. Lakini likitua limetua. Ule mwanga wa jioni ambao filamu za nje hutumia muda mrefu, sisi tunapata kama dakika ishirini hivi kabla ya giza. Onyesho la jioni likikosa teki ya mwisho, limekosa mpaka kesho. Kwa hivyo kwa kila shoti ya nje ama ya karibu na dirisha naandika saa halisi tuliyopiga, kando na saa ya hadithi. Onyesho la 4 ni jioni kwa hadithi. Shoti pana ilipigwa 17:20, na ya karibu ya uso 18:05. Hiyo namba inamwambia mtu wa rangi kwa nini uso ni wa samawati na barabara ni ya dhahabu, na aanzie wapi kuzisogeza zikutane.

Kivuli pia kinasema ukweli bila kuulizwa. Mchana kati kivuli chetu ni kifupi, kiko karibu na miguu. Saa tisa kimeshanyooka. Mkipiga nusu ya mazungumzo kabla ya chakula na nusu baada ya chakula, mtazamaji hatasema "kivuli kimehama", atasikia tu kuna kitu hakiketi. Mimi huweka alama ya chaki pale ncha ya kivuli cha mlango ilipo kwa teki ya kwanza. Mkirudi na ncha imevuka alama kwa mguu mzima, mwambie mtu wa kamera, aamue kama atafunika na kitambaa ama atageuza fremu.

Kuna mambo mengine daftari haliwezi kuokoa. Hiyo filamu tuliipiga Januari. Julai prodyusa akataka shoti moja zaidi ya dada akiwa dirishani asubuhi, kwa nyumba nyingine yenye dirisha linalofanana. Nilikuwa nimeandika kila kitu: dirisha linaangalia kusini, mwanga unaingia kutoka kushoto kwa kamera na kuangukia sufuria. Tukapata nyumba, dirisha la kusini, tukangoja jua. Halikuja. Januari jua letu linapita upande wa kusini, Julai linapita kaskazini, na dirisha la kusini linabaki kivulini siku nzima. Tukaweka taa nje kwenye ngazi, ikakaa vizuri kiasi. Lakini ningependa mtu wa ratiba angesoma ule mstari wa "kusini" kabla ya kulipia nyumba.

Nimebakisha kikombe, na kikombe ndicho kinafanya picha za simu zishindwe kabisa. Kwa onyesho la 7 dada anakunywa chai akiongea. Picha ya kikombe itakuonyesha chai iko nusu. Nusu wakati gani? Kitu cha kuandika ni neno. "Anainua kikombe, mkono wa kulia, kwenye neno 'kodi'. Anakunywa. Anakiweka baada ya 'Ijumaa', mshikio umeangalia dirisha." Mwigizaji akifanya hivyo kwa shoti pana halafu kwa shoti ya karibu akiinue kwenye neno lingine, mhariri hana mahali pa kukata. Atabaki kwa shoti moja muda mrefu kuliko alivyotaka, na nyinyi mtasema filamu inaboa bila kujua ni kikombe. Kwa skripti yangu nachora mstari wima kwa kila teki kupitia mazungumzo: ulionyooka pale mtu anayeongea anaonekana, wenye mawimbi pale tunamsikia tu na kamera iko kwa mwingine. Mhariri akifungua ukurasa anaona mara moja ni mistari gani imefunikwa na shoti ngapi. Pakiwa na sentensi haina mstari wowote ulionyooka, hamjaipiga, na afadhali mjue mkiwa bado ndani ya nyumba.

Kati ya teki, mimi na mtu wa vifaa tunajaza kikombe mpaka alama. Alama ni doa dogo la kalamu ndani, upande kamera haioni. Chai ni ya rangi, haina maziwa, kwa sababu ya maziwa ikipoa inaweka utando juu, na huo utando unaonekana kwa shoti ya karibu.

Sasa nikirudi kwa lile jibu la prodyusa. Wengine husema basi msaidizi wa mwelekezi afanye zote mbili. Hawezi. Kamera ikiwa inazunguka yeye anaangalia saa, mlango na watu wanaopita nyuma. Macho yake yana kazi. Mtu wa sauti masikio yake yana kazi na mikono imeshika fimbo. Kama kweli bajeti haina mtu wa nne, mpe daftari mtu ambaye kwa sekunde za teki hana kitu kingine cha kuangalia, mara nyingi ni mwandishi mwenyewe kama yuko kwa seti. Mpe siku mbili za kusoma kabla, na umlipe hizo siku mbili. Aketi karibu na skrini, si kwa geti. Simu abaki nayo, ila kila picha aipige klapa ikiwa ndani ya fremu, na chini yake kwa daftari aandike S ngapi.